Kadi za maoni zinasema "nzuri sana", lakini wateja wa mchana wanapungua. Tunauliza vibaya au tunadanganywa?

#1 Sahani Tatu

Habari zenu wanajamvi. Nina mgahawa wa chakula cha mchana hapa Dodoma, na wateja wangu wengi ni watumishi wa ofisi za jirani wanaotoka kula kati ya saa sita na saa nane. Miezi mitatu iliyopita nilichapisha kadi 300 za maoni, nikaweka sanduku karibu na mlango, na wahudumu wakawa wanampa mteja kadi pamoja na bili. Kadi ina maswali mawili ya kuweka tiki, yaani "Chakula na huduma yetu vikoje?" na "Je, utarudi tena?", halafu chini kuna mstari mmoja wa maoni.

Zimerudi kadi 212, na kati ya hizo 198 zimetikiwa "nzuri" au "nzuri sana". Mstari wa maoni ama uko wazi, ama umeandikwa "Mungu awabariki" au "kazeni buti". Katika miezi hiyohiyo nimeshuka kutoka sahani 120 hivi kwa siku hadi 85. Ikiwa kila mtu ameridhika, hao 35 wamekwenda wapi? Naomba wenye uzoefu wanieleze kosa liko wapi: kwenye kadi, kwa wahudumu, au kwa wateja wenyewe?

#2 Mzee wa Kibaraza

Jibu unalo mwenyewe, mkuu. Wanaoridhika wanajaza kadi na wasioridhika wanakula kwa jirani. Sanduku la maoni haliwezi kumwuliza mtu ambaye hayupo.

#3 Meneja Mtarajiwa

Ndugu mleta uzi, kosa lako ni idadi. Tulifundishwa chuoni kwamba utafiti wa wateja unahitaji watu wasiopungua 384, vinginevyo majibu hayana maana. Wewe una 212 tu. Pili, achana na "nzuri" na "nzuri sana", uliza swali moja la 0 hadi 10: "Kwa kiasi gani unaweza kumshauri rafiki yako aje kula hapa?" Ukipata majibu, unachukua wastani, na huo ndio kipimo chako. Kampuni kubwa duniani zinatumia swali hilo.

#4 Mpimaji

Nitamrekebisha kidogo #3, kwa sababu amesema mambo mawili yenye ukweli nusunusu.

Hiyo 384 inatokana na hesabu ya kukadiria asilimia kwa makosa yasiyozidi pointi 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, na sharti lake ni kwamba watu wamechaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kundi zima. Hapa hakuna aliyechaguliwa kwa bahati nasibu, kwa kuwa mhudumu ndiye anayeamua nani apewe kadi, na mteja ndiye anayeamua kujaza au kuiacha mezani. Kama chujio limepinda, kadi 3,840 zitatoa jibu lilelile lililopinda, ila kwa gharama kubwa zaidi ya uchapaji. Tena mleta uzi hatafuti asilimia ya kuandika kwenye ripoti, anatafuta kitu cha kurekebisha. Kwa kazi hiyo, watu 25 walioandika sentensi moja ya kweli wanamfaa kuliko tiki 212.

Kuhusu swali la 0 hadi 10, lilitangazwa na Fred Reichheld mwaka 2003, na halichukuliwi wastani. Unahesabu asilimia ya waliotoa 9 au 10, unatoa asilimia ya waliotoa 0 hadi 6, na waliotoa 7 na 8 unawaacha kando. Tuseme una kadi 50: watu 20 wametoa 9 au 10, watu 15 wametoa 7 au 8, na watu 15 wametoa 6 kushuka chini. Hiyo ni 40 kutoa 30, alama yako ni 10. Sasa angalia: watu watatu tu wakihama kutoka 8 kwenda 6, alama inashuka hadi 4, na mwenye mgahawa anaanza kugombana na mpishi kwa jambo ambalo huenda ni bahati ya siku. Kwa biashara ya sahani 85, namba hiyo inarukaruka mno, na hata ikitulia haisemi tatizo ni wali au ni chenji.

Swali langu kwa mleta uzi: nani anashika ufunguo wa sanduku?

#5 Chapa Bora

Kadi ni za karatasi ya kung'aa au ya kawaida? Mimi nachapa kadi za aina hiyo, na ninaweza kumfanyia bei nzuri akichukua kuanzia 500.

#6 Mzee wa Kibaraza

#5, mtu anauliza wateja wake wako wapi, wewe umeshapata wako.

#7 Chapa Bora

Cheka, mzee, lakini swali langu lina maana. Karatasi ya kung'aa haishiki wino wa kalamu ya kawaida, hasa mkono ukiwa na mafuta ya samaki. Mtu anajaribu herufi mbili, kalamu inateleza, anaishia kuweka tiki na kuondoka. Nimewahi kuletewa kadi za namna hiyo nizichape upya, na mstari wa maoni ulikuwa mtupu karibu zote. Mwenyewe alidhani wateja wake hawana la kusema.

#8 Sahani Tatu

Nashukuru kwa majibu. Kwanza, mimi ni dada, si mkuu. Pili, ndiyo, kadi zinang'aa, maana niliona zinapendeza. Tatu, ufunguo anashika msimamizi wa zamu, na ndiye anayeniletea kadi kila Ijumaa zikiwa zimefungwa kwa rababendi. Sikuwahi kuona ubaya wake mpaka niliposoma swali la #4.

#9 Kalamu ya Risasi

Dada Sahani, chukua zile kadi 212, uzipange mezani, uangalie tiki tu bila kusoma maneno. Mimi niliwahi kusimamia nyumba ya wageni, na siku nilipofanya hivyo niligundua kadi kama 30 zenye tiki ya mkono mmoja, mkia mrefu unaopinda kushoto, zote kwa wino wa kijani. Kalamu ya kijani tulikuwa nayo moja tu, mapokezi. Kijana hakuwa mwizi. Tulikuwa tumemwambia kwamba zamu yenye kadi nyingi nzuri itapata zawadi mwisho wa mwezi, naye akatengeneza kadi nzuri. Tulichokilipia ndicho tulichokipata.

Tangu siku hiyo naziwekea kadi namba kabla ya kuzitoa. Nikitoa 001 hadi 100 na zikarudi 70, naangalia zilizokosekana zimekosekana wapi. Zikiwa zimetawanyika, ni wateja wameondoka nazo au wamefutia mikono. Zikikosekana kumi mfululizo siku moja, nauliza siku hiyo kulitokea nini.

#10 Shangazi wa Chumbageni

Wanangu, mnawasingizia wahudumu mapema mno. Hebu soma swali la kadi kwa sauti: "Chakula na huduma yetu vikoje?" Hiyo ni salamu. Mswahili akiulizwa habari za nyumbani anajibu nzuri, hata kama jana bati limeezuliwa na upepo. Hasemi uongo, anatimiza adabu. Kisha ukitulia, ukamwacha apumue, ndipo anaendelea: "Nzuri, ila mtoto hakulala usiku kucha." Habari yenyewe imekaa baada ya neno "ila", na kadi yako imemfungia mlango palepale kwenye "nzuri".

Mimi nina duka la vitenge na mafundi wawili hapa Tanga. Nilikuwa nauliza "Umeipenda nguo?", nikawa napata "nimeipenda sana, shangazi". Siku hizi mteja akishavaa namwambia, "Imekukaa vizuri, ila wapi pamebana?" Hapo anainua mkono, anajigusa kwapani, ananionyesha. Ndivyo nilivyojua kwamba fundi mmoja anakata kwapa juu mno. Wateja wote walikuwa "wameipenda".

Chapisha kadi hivi: "Leo chakula kilikuwa kizuri, ila ..............". Halafu uone.

#11 Meneja Mtarajiwa

Kwa heshima zote, shangazi, hilo ni swali la kumwelekeza mhojiwa. Unamlazimisha mtu atafute kosa hata kama hana. Utafiti hauruhusu.

#12 Shangazi wa Chumbageni

Na swali lake la kwanza halikuwa likimwelekeza? Liliwaelekeza wote kwenye "nzuri". Asiye na kosa ataacha mstari wazi, mwanangu.

#13 Mpimaji

Wote wawili wana hoja. Kwa mtu anayetaka kujua ni asilimia ngapi wameridhika, kadi ya shangazi ni mbovu kabisa, kwa sababu itazidisha malalamiko. Kwa mtu anayetaka kujua aanze kurekebisha wapi, inafaa, mradi asije akatangaza kwamba wateja wake wengi wanalalamika. Njia ya kumaliza ubishi ni kuchapa nusu ya kadi zikiwa na "ila" na nusu zikiwa na swali lisiloegemea, kwa mfano "Ni kitu gani kimoja ungependa tukibadilishe?", kisha kuzitoa kwa zamu na kulinganisha.

Kasoro nyingine ni kwamba "chakula na huduma" ni maswali mawili kwenye tiki moja. Aliyefurahia samaki na kukasirishwa na kusubiri atatiki nini? Atatafuta katikati, na katikati yake ni "nzuri".

Na jambo ambalo kadi nyingi husahau ni saa. Weka mahali ambapo mhudumu ataandika saa ya kutoa kadi. Malalamiko bila saa hayamsaidii mtu kujua pa kutazama.

#14 Baharia wa Matrah

Salaam kutoka Maskati. Huku nilikaa miaka miwili kwenye dirisha la kuhudumia wateja, penye kile kifaa chenye vitufe vya nyuso nne, kuanzia anayecheka hadi aliyenuna. Watoto walikuwa wakivibonyeza vyote wakati baba zao wanatafuta vitambulisho. Jumatatu moja tukaitwa kueleza kwa nini Alhamisi nyuso za kununa zimezidi, na hakuna aliyejua, maana uso hausemi umenunia nini. Tulihisi ni kiyoyozi, kwa kuwa siku hiyo kilikuwa kimeharibika. Mpaka leo sijui kama tulihisi sawasawa.

#15 Bonde la Ufa

Hapa Nakuru wateja wangu karibu wote wanalipa kwa simu, kwa hivyo niliacha kadi nikawa naandikia kila aliyelipa meseji jioni, swali moja tu. Majibu ni machache kuliko kadi, lakini ni makali zaidi, kwa sababu mtu yuko kwake na hatazamwi na mhudumu. Ubaya wake ni kwamba anajibu akiwa ameshasahau mengi. Anakumbuka supu ilikuwa na chumvi, hakumbuki alisubiri dakika ngapi.

#16 Kalamu ya Risasi

#15, ulizipata wapi namba hizo, na walikukubalia kuandikiwa? Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023. Namba iliyotolewa kwa ajili ya malipo haikutolewa kwa ajili ya maswali.

#17 Bonde la Ufa

Nilianza bila kuuliza, nakiri. Sasa kuna karatasi mezani, anayetaka kuulizwa anaandika namba yake mwenyewe. Wanaoandika ni wachache, na wengi wao ni wale wanaonipenda, kwa hivyo nimerudi palepale alipo mleta uzi.

#18 Sahani Tatu

Wanajamvi, narudi baada ya majuma matatu. Nimefanya hivi. Nimechapa kadi za karatasi ya kawaida isiyong'aa, kila moja ina namba, na mhudumu anaandika saa. Kadi ina sentensi ya shangazi peke yake, "Leo chakula kilikuwa kizuri, ila...", na kalamu ya risasi imefungwa kwa uzi kwenye sanduku. Ufunguo ninao mimi. Kadi anapewa kila mteja wa tano anayeingia, awe amenuna au anacheka, ili mhudumu asichague. Ile nusu ya pili ya #13 sikuifanya, maana fedha ya uchapaji iliniishia, naomba radhi.

Kwa siku kumi za kazi nimetoa kadi 170, zimerudi 118. Zenye neno baada ya "ila" ni 74. Nilizimwaga kwenye meza ya nyuma usiku na kuzipanga kwa mafungu. Waliolalamikia kusubiri ni 29, waliosema chakula kimefika kimepoa ni 18, waliotaja bei ni 11, na 16 zilizobaki ni mchanganyiko, ikiwemo moja iliyosema "ila redio". Sijui kama ni sauti ya redio au ni matangazo.

Nilikwenda jikoni kumkaripia mpishi, nikasimama mlangoni nikakumbuka habari ya saa. Nilirudi kuzipanga upya. Kadi za kusubiri na za kupoa jumla ni 47, na 38 kati yake zimetolewa kati ya saa saba na saa saba na nusu. Mtu aliyekuja saa sita anapikiwa na mpishi yuleyule kwenye jiko lilelile, na halalamiki.

Kesho yake nilikaa pembeni ya dirisha la jikoni na saa ya simu. Nilipima oda 20 za saa sita na oda 20 za saa saba. Kutoka oda kuingia jikoni hadi sahani kuwekwa dirishani ni dakika 6 saa sita na dakika 7 saa saba, karibu sawa. Kutoka dirishani hadi mezani ni dakika 2 saa sita, lakini saa saba ni dakika 9. Sahani ya ugali imekaa dirishani dakika tisa, ukungu wa mvuke umeisha kwenye bakuli la mchuzi, na mhudumu yuko meza ya nne anatafuta chenji ya noti ya elfu kumi. Watu wa saa sita wanaanza kulipa wakati watu wa saa saba wanaanza kula, na mhudumu ni huyohuyo.

#19 Shangazi wa Chumbageni

Umeona, mwanangu.

#20 Mpimaji

Kazi nzuri sana, dada. Ninalotaka wengine walione ni kwamba wateja walikuletea malalamiko mawili tofauti, "nimesubiri" na "kimepoa", na chanzo kilikuwa kimoja, ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekitaja. Hakuna kadi iliyoandikwa "ila mhudumu anatafuta chenji". Mteja anajua panapomuuma, hajui kwa nini. Ungeishia kwenye mafungu yako ya kwanza, ungeongeza mpishi, na sahani zingejaa dirishani haraka zaidi na kupoa zaidi.

#21 Mzee wa Kibaraza

Na kadi ya redio mmeiacha hivihivi?

#22 Sahani Tatu

Redio imepunguzwa, mzee. Nimemweka binti mmoja mlangoni apokee malipo, pamoja na sanduku la chenji, na wahudumu hawagusi fedha tena. Nitaendelea na kadi siku kumi nyingine, kisha nitarudi.

#23 Meneja Mtarajiwa

Nimejifunza, lakini nina shaka moja. Kama kila mteja wa tano anapewa kadi, na 52 hawakurudisha, hao 52 walikuwa watu gani? Wenye haraka zaidi hawana muda wa kuandika, na hao ndio wenye uchungu zaidi na kusubiri. Kwa hiyo hata 29 ni ndogo kuliko hali halisi.

#24 Kalamu ya Risasi

Au ni kinyume chake, kwamba aliyeridhika hana la kuandika akaacha kadi mezani. Kwa kadi tulizo nazo hatuwezi kujua, ndugu, ingawa swali lako ni zuri kuliko lile la 384.

#25 Sahani Tatu

Nimerudi. Siku kumi nyingine zimekwisha. Kadi 165 zimetolewa, zimerudi 121. Malalamiko ya kusubiri na kupoa, ambayo yalikuwa 47, sasa ni 16. Nilipima tena dirishani saa saba, sahani inakaa dakika 3. Hapo nilifurahi.

Lakini wanaolalamikia bei wamepanda kutoka 11 hadi 24, na mimi sijaongeza hata shilingi moja katika siku hizo. Na jambo lililonileta hapa halijatatuliwa: nimeuza wastani wa sahani 88 kwa siku. Nilikuwa na 85.

#26 Mpimaji

Kuhusu bei, usiogope haraka. Kadi yako ina nafasi ya "ila" moja tu, na mtu anaandika linalomuudhi kuliko yote. Ulipoondoa kusubiri, la pili likapanda juu. Huenda walewale walioona bei ni kubwa walikuwepo tangu mwanzo, wakijificha nyuma ya ugali uliopoa. Ndiyo maana mafungu haya hayafai kulinganishwa kama alama za mtihani.

#27 Bonde la Ufa

Au huenda bei kweli ndiyo tatizo. Dada, katika miezi ile mitatu ya mwanzo, ulipopungukiwa na wateja 35, bei ilikuwa ileile?

#28 Sahani Tatu

Hapana. Nilipandisha wali maharage kutoka 3,500 hadi 4,000, juma lilelile nililoanza kutoa kadi. Sikuliandika kwenye #1 kwa sababu sikudhani linahusika. Mafuta na mchele vilikuwa vimepanda, na kila mtu mtaani alipandisha.

#29 Mzee wa Kibaraza

Dada Sahani! Tumesoma uzi mzima tukichunguza karatasi, wino na funguo, kumbe na wewe ulikuwa na "ila" yako.

#30 Shangazi wa Chumbageni

Msimcheke. Mwenye duka naye anajibu "nzuri" kwanza.

Lakini mimi bado sikubali kwamba ni bei peke yake. Kama kila mtu mtaani alipandisha, hao 35 hawakukimbilia penye nafuu, maana hapakuwepo. Rudi kwenye neno la mzee, #2: hao hawapo, na kadi haiwafikii. Lazima uwatafute. Huna daftari la madeni?

#31 Kalamu ya Risasi

Shangazi, nami nirudi kwenye #16. Namba za daftari la madeni zilitolewa kwa ajili ya deni.

#32 Shangazi wa Chumbageni

Mteja aliyekula kwangu miaka mitatu nikimpigia kumjulia hali nimevunja sheria? Ampigie mwenyewe, kwa sauti yake, aombe ruhusa ya kuuliza swali moja, na akikataa amwage. Sikumwambia atume meseji 200.

#33 Kalamu ya Risasi

Sheria haina mlango wa "mwenyewe kwa sauti yake", lakini nakubali kwamba mtu kuombwa ruhusa kwanza ni tofauti na kushtukizwa. Tuishie hapo, tutamchosha mleta uzi.

#34 Sahani Tatu

Nilichukua daftari, nikatafuta majina ya waliokuwa wakija karibu kila siku na sasa hawaji. Nilipata 12. Nilipiga mwenyewe, nikaomba ruhusa kama mlivyosema, na nikauliza tu, "Siku hizi mchana unakula wapi?", kwa sababu niliona nikiuliza kwa nini hawaji watajitetea.

Walipokea tisa. Wanne wanakula ofisini kwao, kuna mama anayeleta chakula kwenye mabakuli na wanalipa mwisho wa mwezi. Watatu wanabeba kutoka nyumbani, na mmoja wao alitaja bei bila kuulizwa. Wawili waliobaki walisita sana, na mmoja akaanza kuniomba nimvumilie hadi tarehe 25. Kumbe wanadaiwa, 16,000 mmoja na 9,500 mwingine, na walikuwa wanazunguka barabara ya nyuma ili wasipite mbele ya mgahawa. Mimi deni lenyewe nilikuwa nimeshalisahau.

#35 Mpimaji

Watu tisa ni wachache, na ni wakopaji tu, kwa hiyo usiwachukue kuwa ndio 35 wote. Aliyekuwa akilipa taslimu na kuondoka kimya hayumo kwenye daftari. Hata hivyo, wale wanne wanaolipa mwisho wa mwezi na wawili wanaokukimbia wananifanya nijiulize kama tatizo ni 500 uliyoongeza, au ni siku ambayo mtu anatakiwa kuitoa.

#36 Bonde la Ufa

Mimi bado nasema ni bei. Kulipa mwisho wa mwezi ni jina lingine la bei.

#37 Chapa Bora

Kadi zikiisha nipo.

#38 Sahani Tatu

Zimebaki 15. Nitachapa nyingine, za karatasi ya kawaida, na safari hii nusu zitakuwa na sentensi ya shangazi na nusu swali la Mpimaji. Yule wa 9,500 amekuja leo, amelipa 5,000, amekula wali samaki, na kwa kuwa alikuwa mteja wa tano kuingia amepewa kadi. Ameandika: "Leo chakula kilikuwa kizuri, ila ungenipigia mapema."